Kofia juu ya picha: ujira mdogo, ukingo mgumu

Miongoni mwa kazi zinazoshikilia uhai wa vibanda vya picha vya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, baada ya simu kuwanyang'anya mafundi sehemu kubwa ya riziki yao ya kale, imo hii ya kumvika mtu, ndani ya taswira iliyokwisha kupigwa, kofia au mtandio ambao siku ile hakuuvaa. Aghalabu mwenye picha ni marehemu, ambaye jamaa zake hawakubakiwa na sura yake ila ile ya kitambulisho, kichwa wazi, nao hupenda atundikwe ukutani na kofia yake ya viua kama walivyomzoea.

Fundi mmoja wa makamo, ambaye amekaa katika biashara hii tangu enzi za chumba cha giza, alitueleza dukuduku lake kwa urefu, na yamkini hakukosea. Alisema kwamba mteja hulipia kofia, ilhali kofia si kazi; kazi ni ukingo wake. Kuiweka kofia kichwani huchukua dakika chache, lakini kuipatanisha na nywele na ngozi huweza kumla fundi saa nzima, na saa hiyo ikitumika vyema hakuna jicho litakaloiona, kwa hiyo hakuna mkono utakaoilipa.

Alitufungulia picha ya mzee mmoja ili tujionee. La kwanza alilolitazama halikuwa kichwa bali kivuli cha pua, apate kujua mwanga umetoka upande gani, kisha akatafuta katika akiba yake kofia iliyopigwa kwa mwanga wa upande huo huo na kwa kimo cha macho. Kofia iliyopigwa ikiwa mezani, kwa kamera kutazama chini, ukingo wake wa mbele hupinda kuelekea chini kama mdomo wa kikombe, hali kofia iliyo juu ya macho ya mtazamaji ukingo wake hupanda kidogo katikati. Ukiubandika ule wa mezani, mzee huonekana amevikwa bakuli, na hakuna ustadi wa rangi utakaomwokoa.

Kisha alifuta nywele za utosini ambazo kofia halisi ingezilaza, akajaza mahali pake kwa rangi ya ukuta wa nyuma, akaacha zile za panja na kisogo. Hapo ndipo, kwa maneno yake, vijana wanapoharibu, kwa kuwa huiga mafunzo ya ughaibuni na kuchora nywele ndefu, moja moja, zikipita juu ya kofia. Nywele zetu zilizosokotana hazina ncha za namna hiyo. Mpaka wake ni ukungu wa vitone vidogo, na yeye huvichukua kutoka nywele za panja za mtu yule yule, akavidonoa juu ya ukingo kwa brashi ya pikseli mbili au tatu, bila mpango, maana vikipangika hudhihirika. Ukali wa ukingo wenyewe huupima kwa kola ya shati: kola ikiwa na ukungu, kofia nayo hulainishwa kiasi hicho hicho katika Layer Mask.

Kivuli hukitia mara mbili, kwa tabaka za Multiply: kimoja chembamba na kizito, pale kitambaa kinapogusa paji la uso, na kingine kipana na chepesi chini yake. Rangi yake haitoki katika weusi mtupu, bali katika sehemu yenye giza ya shavu la mwenyewe, la sivyo paji huonekana limepakwa masizi. Mtandio, kwa kuwa hufunika nywele zote, humwepushia vitone, lakini humtwisha mikunjo ya shingoni, ambayo kila mmoja unadai kivuli chake.

Afisa mmoja wa biashara alitukabidhi matumaini mengi: kwamba kazi hizi zinastawi, na kwamba kusajiliwa kwake kutapandisha ujira. Tulipouliza ustawi huo umehesabiwaje, tulielezwa habari za leseni za maduka ya vifaa vya ofisi na kurudufu karatasi, ambamo vibanda hivi huingizwa. Hesabu isiyomtenga fundi na muuza kalamu haiwezi kutuambia yupi kati yao anashiba. Afisa huyo aliongeza kuwa picha za pasipoti zilizotiwa vazi hugunduliwa zote, kwani mabadiliko ya namna hiyo hayaruhusiwi. Fundi wetu, ambaye kazi hiyo huikataa, alicheka tu.

Yumkini picha za marehemu zitaendelea kuleta wateja, kwa kuwa makosa yake huwauma jamaa kila wapitapo ukutani. Ama picha za harusi na sikukuu, programu za simu zimekwisha kuzichukua kwa bei ambayo fundi hawezi kuishukia. Yeye mwenyewe sasa humwonyesha mteja picha ikiwa na ukingo mbichi kabla ya kutaja bei, na wako, asema, wanaoichukua hivyo hivyo.