Fizi: Silabi moja inayogeuza hotuba, pale video inapokatwa kwa maandishi

BARAKA, Kivu Kusini – Kukata video ya hotuba ya saa mbili kulikuwa kazi ya usiku mzima: kusikiliza, kusimamisha, kurudisha nyuma, kuandika dakika kwenye karatasi. Sasa kompyuta inaandika maneno yote yenyewe, na mhariri anakata video kwa kufuta sentensi, kama vile anasahihisha barua. Lakini kwa Kiswahili kinachosemwa Fizi na Baraka, njia hiyo ina mtego. Mtego huo uko mwanzoni mwa neno, kwenye silabi ndogo inayosema «hapana».

Namna kazi inavyofanyika

Programu inasikiliza sauti na kuandika kila neno. Pamoja na neno inaweka muda wake: limeanza sekunde gani na limeisha sekunde gani. Muda huo ndio unaofunga maandishi na picha. Mhariri akifuta sentensi kwenye maandishi, programu inaondoa kipande cha video chenye muda huo huo. Akihamisha aya, picha zinahama nayo. Programu ya bure ya Kdenlive ina sehemu ya kukata kwa maandishi, na tangu 2023 inaweza kutumia Whisper, mashine ya kuandika sauti iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwezi Septemba 2022.

Whisper ina faida moja kubwa kwa mji ambako megabaiti zinanunuliwa kidogo kidogo: ikishapakuliwa, inafanya kazi bila intaneti. Muundo wake mkubwa, `large-v3`, una uzito wa karibu gigabaiti 3 na unataka kompyuta yenye nguvu. Ule mdogo, `small`, haufiki nusu gigabaiti, ila unakosea zaidi. Amri yenyewe ni fupi:

```
whisper hotuba.mp4 --model large-v3 --language sw --word_timestamps True --output_format srt
```

Sehemu ya `--language sw` isiachwe. Bila hiyo, mashine inachagua lugha kwa kusikiliza sekunde 30 za kwanza tu. Hotuba nyingi za huku zinafunguliwa kwa Kifaransa, kwa kusalimia wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Mashine ikisikia hivyo inaamua kwamba yote ni Kifaransa, na Kiswahili kinachofuata kinatoka kimeharibika.

Kiswahili cha huku hakimo kwenye orodha

Whisper ina Kiswahili kimoja tu, `sw`. Wataalamu wa lugha wanakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, `swc`, tofauti na `swh` ya Kiswahili cha pwani, lakini mashine haina mlango huo. Toleo lake la kwanza lilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, nyingi zikiwa za Kiingereza. Kiswahili kilipata sehemu ndogo sana.

Matokeo yake ni kwamba mashine inavuta kila kitu kuelekea Kiswahili sanifu. Msemaji akisema «apa», inaandika «hapa». Akisema «batoto», inaweza kuandika «watoto». Hapo hakuna hasara kubwa, kwa sababu maana imebaki. Hasara inaanza pale msemaji anapoangusha herufi h, kama wengi wanavyofanya mashariki mwa Kongo. «Hakuna» inakuwa «akuna». «Hatutaki» inakuwa «atutaki». Ile a iliyobaki ni nyepesi, inamezwa na pumzi au na upepo wa ziwa unaopiga mikrofoni. Mashine ikiikosa, inaandika «kuna» na «tutaki», au inalinyoosha neno la pili na kuandika «tunataka». Kukanusha kumepotea.

Mfano wa sentensi tatu

Chukua mfano uliotungwa, wa kiongozi anayehutubia mkutano mjini Baraka. Maneno aliyosema ni haya: «Apa Fizi akuna usalama ya kutosha. Familiya trwa njo zimerudi Baraka. Atutakubali watu wahame tena.» Mashine inaweza kutoa hivi:

```
41
00:12:07,300 --> 00:12:11,800
hapa fisi kuna usalama wa kutosha

42
00:12:11,800 --> 00:12:16,100
familia 13 zimerudi baraka

43
00:12:16,900 --> 00:12:21,400
tutakubali watu wahame tena
```

Msomaji wa huku ataona «fisi» mara moja na kucheka. Jina la wilaya limegeuka mnyama, na mji wa Baraka umegeuka neema. Makosa ya namna hiyo si ya hatari, kwa sababu yanajitangaza. Baadhi yanaweza kupungua ukiongeza kwenye amri `--initial_prompt` na kuandika majina ya mahali yanayotarajiwa: Fizi, Baraka, Lusenda, Mboko, Kazimia, Itombwe, Minembwe.

Makosa ya hatari ni yale yanayosomeka vizuri. «Kuna usalama wa kutosha» ni sentensi safi, haina kitu kinachosimamisha jicho. «Tutakubali watu wahame tena» vilevile. Namba nayo inajificha: «trwa» ya Kifaransa ni 3, «trez» ni 13, na kwenye kelele ya mkutano yanakaribiana.

Wataalamu wanapima mashine kwa kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha wanagawa kwa jumla ya maneno yaliyosemwa. Hapa msemaji ametoa maneno 15. Tukiacha tofauti za lahaja kama «apa» na «hapa» au «ya» na «wa», manne yamebadilishwa: Fizi, akuna, trwa na atutakubali. Moja limeachwa: njo. Hayo ni makosa 5 kwa maneno 15, yaani asilimia 33. Lakini hesabu hiyo inaweka «fisi» na «kuna» kwenye mizani moja. Kwa mwandishi wa habari hayalingani: la kwanza ni aibu, la pili ni uongo.

Ni kweli kwamba sauti ya video haibadiliki kwa sababu maandishi yamekosea. Mtu wa Baraka akitazama atasikia «akuna» hata kama chini ya picha pameandikwa «kuna». Tatizo ni kwa mhariri aliye mbali, anayetafuta neno «usalama» kwenye maandishi ya saa mbili na kuchagua sentensi ya 41 kwa habari kwamba hali imetulia. Kisha inatafsiriwa Kifaransa kwa watazamaji wa Kinshasa ambao hawataisikiliza kwa sikio la Fizi. Hakuna tena wa kugundua.

Mkato unaokata «ha»

Kuna njia ya pili ya kupoteza silabi hiyo hiyo, na hii inaharibu sauti yenyewe. Muda ambao mashine inaupa kila neno si sahihi kabisa. Unaweza kuteleza kwa sehemu ndogo ya sekunde, hasa baada ya msemaji kunyamaza. Silabi moja ya Kiswahili inachukua takribani sekunde 0.2, sawa na picha 5 kwenye video ya picha 25 kwa sekunde.

Sasa angalia sentensi ya 43. Maandishi yanasema inaanza 00:12:16,900. Kama msemaji alianza kweli 00:12:16,700, mkato unaofuata maandishi unatupa «A» na kubakiza «tutakubali». Safari hii hata mtu wa Baraka atamsikia kiongozi akikubali jambo alilolikataa. Kwa Kifaransa hatari hii ni ndogo, maana «pas» inakuja baada ya kitenzi. Kwa Kiswahili, «ha» na «si» mara nyingi ndizo zinazofungua neno, na neno mara nyingi linafungua sentensi. Ni mahali pale pale ambapo mkasi unapita.

Dawa yake ni kurudisha mwanzo wa kila mkato nyuma, ndani ya kimya kilicho kabla ya neno. Katika mfano huu kimya kinaanza 00:12:16,100, kwa hiyo kuanzia 00:12:16,500 ni salama:

```
ffmpeg -ss 00:12:16.500 -to 00:12:21.800 -i hotuba.mp4 -c:v libx264 -c:a aac kipande.mp4
```

Namna ya kuhakiki

Kusikiliza huku macho yako kwenye maandishi hakutoshi, kwa sababu sikio linasikia kile ambacho jicho limeshasoma. Aliyeona «kuna» atasikia «kuna». Njia bora ni kufunika maandishi, kusikiliza sentensi, kuiandika kwa mkono, kisha kulinganisha. Kwa hotuba ya saa mbili haiwezekani kufanya hivyo kwa kila neno. Inawezekana kwa kila sentensi itakayotumika, pamoja na moja iliyo kabla yake na moja iliyo baada yake. Anayesikiliza awe mtu anayekijua Kiswahili cha mahali hapo, si kile cha shule tu.

Mahali pa pili pa kutazama ni pale penye makofi, ngoma au kelele za jenereta. Mashine haipendi kuacha nafasi tupu, na wakati mwingine inaandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2024 juu ya Whisper ulikuta sentensi za kubuni katika takribani asilimia 1 ya vipande vya sauti, na hivyo vilikuwa vya Kiingereza. Dalili ni rahisi kuona: sentensi moja imerudiwa mara nyingi mfululizo, au maneno mawili yamepewa sekunde 20. Vivyo hivyo msemaji akigeukia Kibembe. Whisper haijui Kibembe, lakini itaandika kitu kinachofanana na Kiswahili. Sehemu hiyo ifutwe yote na kupewa mtu anayeielewa lugha.

Maneno ya Fizi yameshawahi kuwa na uzito wa miaka mingi. Februari 2011, mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka ilimhukumu luteni kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, kufuatia ubakaji wa halaiki uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Waathiriwa walisimama wakatoa ushahidi. Katika ushahidi wa aina hiyo, «alinijua» na «akunijua» vinatengana kwa sauti ndogo sana. Rekodi za namna hiyo zisipandishwe kwenye tovuti za kuandika sauti zilizo mtandaoni, kwa sababu sauti na majina yanatoka mikononi mwa aliyerekodi. Zifanyiwe kazi kwenye kompyuta iliyofungiwa intaneti, na video ya asili ihifadhiwe nzima bila mkato, ili anayebisha sentensi apate mahali pa kwenda kuisikiliza.