Nukta moja, mstari mmoja, na parabola

Chora mstari ulionyooka chini ya karatasi, kisha weka nukta F sentimita 4 juu yake. Sasa tafuta kila nukta iliyo mbali na F sawasawa na ilivyo mbali na mstari.

Ya kwanza ni rahisi: iko katikati, chini ya F, sentimita 2 kutoka kila upande. Ili kupata nyingine, chora mstari sambamba na ule wa kwanza, sentimita 2.5 juu yake. Fungua bikari sentimita 2.5, tia ncha kwenye F, ukate mstari huo sambamba. Utaukata mara mbili, sentimita 2 kulia na 2 kushoto ya nukta iliyo chini ya F. Rudia kwa sentimita 4: sasa mstari sambamba unapita kwenye F yenyewe, na alama zinaangukia sentimita 4 kila upande. Ukijaribu chini ya sentimita 2, bikari haitaufikia mstari, kwa hiyo hakuna nukta huko.

Wengi hukosea kwa kupima umbali wa mstari kimshazari. Umbali huo hupimwa kwa pembemraba tu, kwa kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote. Kosa jingine ni kuunganisha alama kwa rula. Parabola haina kipande kilichonyooka hata kimoja, basi ongeza alama karibu na sehemu ya chini, inakopinda zaidi, uziunganishe kwa mkono mwepesi.

Ukilizungusha tao hilo kwenye mhimili wake unapata umbo la dishi kubwa la setilaiti, na kipokezi hukaa pale penye F.