Hatifungani ya miaka 2 au ya 20: nyongeza ya riba inagharimu kiasi gani?

Tuseme una shilingi milioni 10 na mbele yako kuna hatifungani mbili za Serikali ya Tanzania. Ya miaka 2 inalipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ya miaka 20 inalipa 12. Viwango hivi ni vya mfano tu. Zote hulipa kila miezi sita, na zote unazinunua kwa thamani yake kamili. Hiyo ndefu inakuongezea 200,000 kila mwaka. Swali ni utapoteza nini ukilazimika kuiuza kabla haijaiva.

Tuanze na fupi. Utapokea 500,000 mara tatu, kisha 10,500,000. Gawa kila malipo kwa 1.05 mara moja kwa kila nusu mwaka wa kusubiri, upate thamani yake ya leo: 476,190, 453,515, 431,919 na 8,638,376. Jumla ni milioni 10. Sasa zidisha kila moja kwa miaka utakayoisubiri (0.5, 1, 1.5 na 2), jumlisha, ugawe kwa milioni 10. Jibu ni miaka 1.86, na ndiyo dyuresheni. Igawe kwa 1.05 upate dyuresheni rekebishi, 1.77. Maana yake, riba ya soko ikipanda kutoka asilimia 10 hadi 11, bei itashuka kwa takriban asilimia 1.77, yaani 177,000.

Kwa ile ndefu, kupiga hesabu ya malipo 40 ni adhabu. Kwa bahati, hatifungani inayouzwa kwa thamani yake kamili ina njia ya mkato ya kupata dyuresheni rekebishi:

```
(1 - 1.06^-40) / 0.12 = 7.52
```

Dyuresheni yenyewe ni 7.97, na wengi hukosea hapa: huigawa kwa 1.12 wakapata 7.12. Malipo ni ya nusu mwaka, kwa hiyo kigawanyo ni 1.06.

Riba ya soko ikipanda kwa robo tu, kutoka 12 hadi 12.25, makadirio ya hasara ni 188,000. Ukiipiga bei upya kikamilifu, hasara ni 185,000. Tofauti hiyo haimsumbui mtu. Ikipanda hadi 13, makadirio yanasema 752,000 ilhali hasara halisi ni 707,000. Bei hufuata mkunjo na makadirio hufuata mstari ulionyooka, ndiyo maana kadiri riba inavyosogea mbali, ndivyo makadirio yanavyozidisha hasara.

Weka 707,000 kando ya ile nyongeza ya 200,000 kwa mwaka: ni miaka mitatu na nusu ya kuifidia. Kama fedha hizo ni ada ya chuo ya mwaka kesho kutwa, mimi ningechukua fupi bila kusita. Anayeweza kungoja hadi iive hatauza, na bei ya sokoni haitamgusa. Na riba ikishuka, hesabu hugeuka: ndefu ndiyo itakayopanda bei zaidi.