Dakika Tatu Mbele ya Bango

Mwanafunzi wa sayansi katika chuo kikuu cha Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, na bango lake la siku ya utafiti huandikwa kwa Kiingereza. Lakini anayesimama mbele ya bango hilo anaweza kuwa mzazi, mwenye duka la dawa au mwanafunzi wa sheria, naye huuliza kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi anahitaji karatasi ya kusemea: ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosomeka kwa dakika tatu.

Tuchukue jaribio moja la mfano, na tarakimu zake pia ziwe za mfano. Mwanafunzi ameloweka majani makavu ya mwarobaini katika ethanoli, amechuja, kisha amepima kama mchujo huo unazuia stafilokokasi, bakteria wanaoleta majipu.

Mstari wa kwanza wa karatasi ubebe matokeo. Akianza na sifa za mwarobaini tangu enzi za mababu, mgeni atahamia bango la jirani kabla hajasikia kilichopatikana. Aandike hivi: "Karibu sana. Nimeona kwamba mchujo wa mwarobaini unazuia bakteria wa majipu kuota kwenye sahani ya maabara. Nikuoneshe nilivyojua?"

Kisha aelekeze kidole kwenye picha ya sahani, kwani picha itamwokolea maneno mengi. "Nilipaka bakteria sahani nzima, nikaweka juu yake vipande vitatu vya karatasi vya duara, kila kimoja kina upana wa milimita 6. Hiki kina mchujo wa mwarobaini. Hiki kina ethanoli peke yake. Hiki kina siprofloksasini, dawa inayojulikana kuua bakteria hawa. Niliiacha sahani kwenye inkubeta yenye nyuzijoto 35 hadi kesho yake. Huu utando mweupe ni bakteria walioota. Penye duara angavu walishindwa kuota."

Hapo ndipo pa kutaja vipimo: mwarobaini milimita 12, ethanoli 6, siprofloksasini 26. Mgeni akiachiwa tarakimu hizi bila maelezo atakosea mara mbili. Kwanza atadhani ethanoli nayo imefanya kazi kidogo. Sivyo. Duara hupimwa pamoja na karatasi yenyewe, hivyo 6 ni upana wa karatasi tu, na maana yake ni kwamba ethanoli haikuzuia chochote. Pili, atasema mwarobaini una karibu nusu ya nguvu ya dawa. Hilo nalo si sahihi, maana ukubwa wa duara hutegemea pia kiasi kilichowekwa kwenye karatasi na wepesi wa kila kitu kusambaa ndani ya agari, ule ute mgumu wanamoota bakteria. Siprofloksasini ni kemikali moja safi iliyopimwa. Mchujo ni mchanganyiko wa vitu vingi. Karatasi iseme waziwazi: "Duara la dawa linathibitisha kwamba bakteria hawa wanazuilika na kwamba jaribio langu linafanya kazi. Silitumii kupima nani ana nguvu zaidi."

Mhadhiri akifika, maswali yatageukia ethanoli. Karatasi ikiwekwa kwenye sahani kabla ethanoli haijakauka, pombe yenyewe inaweza kuzuia bakteria, na sifa zote zikaenda kwa mwarobaini. Dalili yake ni duara kuzunguka karatasi ya ethanoli. Mwanafunzi awe na jibu lililoandikwa: alizikausha karatasi, na ile ya ethanoli ilibaki 6 katika sahani zote alizorudia. Ajiandae pia kueleza alivyolinganisha wingi wa bakteria na kipimo cha McFarland 0.5, kwa sababu wakipakwa wengi mno maduara husinyaa, na wakiwa haba hutanuka.

Swali la wageni wengi litakuwa hili: "Kwa hiyo mtu mwenye jipu apake mwarobaini?" Jibu lisingoje kubuniwa papo hapo, kwa kuwa neno la haraka linaweza kumwondoa mgonjwa hospitalini. Liandikwe: "Jaribio hili halijajibu hilo. Nimeona bakteria wakizuilika kwenye sahani. Sijapima kama mchujo ni salama kwa mtu, wala kama unafanya kazi kwenye kidonda. Hata kama bakteria wamekufa au wamesimama tu, duara halioneshi."

Mstari wa mwisho uwe hatua inayotokana na pengo hilo: kuzimua mchujo mara mbili, mara nne, mara nane na kuendelea, ili kupata kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria, kisha kuchukua tone kutoka kila chupa isiyoota na kulipandikiza kwenye sahani mpya. Wakiota huko, walikuwa wamesimamishwa tu, wasipoota, wameuawa.