PATO LA TAIFA: NI KAZI GANI INAYOHESABIWA, NA NI IPI INAYOACHWA NJE?



Kila mwaka, hasa wakati wa bajeti, redio hututangazia kuwa Pato la Taifa limekua kwa asilimia kadhaa. Wengi wetu husikia tu na kupita. Lakini ndani ya tarakimu ile kuna uamuzi uliokwisha kufanywa: kazi ya fulani ni uzalishaji, na kazi ya fulani si uzalishaji. Katika makala haya tutaitazama hesabu hiyo kwa kuichukua nyumba moja ya mfano, nyumba ya mama muuza maandazi, ili tuone mkono wa mhesabuji unafika wapi na unakomea wapi.

Maana yake

Pato la Taifa, au kwa jina lake kamili Pato Ghafi la Ndani, ni thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi katika muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja au robo mwaka. Tuyashike maneno mawili. La kwanza ni "zilizozalishwa": fedha iliyotoka mfuko mmoja ikaingia mwingine bila kitu kutengenezwa haihesabiwi. Kwa hiyo zaka, sadaka, na fedha anazotuletea ami yetu anayefanya kazi Maskati haziingii kwa kule kutolewa kwake. La pili ni "za mwisho", na hilo linahitaji mfano.

Sufuria ya maandazi

Tuseme mama wetu huamka saa kumi alfajiri, akakanda, akachoma na kuuza mpaka saa tatu asubuhi. Ameuza maandazi 120 kwa shilingi 200 kila moja, akapata shilingi 24,000. Unga, sukari, hamira, mafuta na mkaa vilimgharimu shilingi 17,000. Je, ameongeza kiasi gani katika Pato la Taifa?

Mtu anaweza kusema 24,000. Lakini tukiandika 24,000 kwa mama, kisha tukaandika tena 17,000 kwa wale waliomuuzia vifaa, tutakuwa tumeuhesabu unga ule ule mara mbili, mara moja ukiwa gunia dukani na mara ya pili ukiwa andazi. Kwa hiyo kila mzalishaji huandikiwa kile alichokiongeza yeye tu, nacho huitwa thamani iliyoongezwa. Mama ameongeza 24,000 kutoa 17,000, yaani shilingi 7,000. Mwenye duka huandikiwa faida yake ya juu, mwenye kinu yake, mchoma mkaa yake. Na ikiwa ngano ilitoka ng'ambo, thamani yake ni ya nchi ilikolimwa, si yetu.

Muuza mitumba naye huhesabiwa hivyo hivyo. Akinunua shati kwa 3,000 na kuliuza kwa 5,000, akalipa nauli 500, nchi haikupata shati jipya la shilingi 5,000. Imepata huduma ya biashara ya shilingi 1,500.

Mikono ile ile, hesabu mbili

Sasa tuseme mama amechoma maandazi 20 zaidi kwa ajili ya wanawe waliomo ndani. Moto ni ule ule na mikono ni ile ile. Unga wa maandazi hayo utahesabiwa, kwa kuwa ni matumizi ya nyumbani. Kazi ya kukanda na kuchoma itaandikwa sifuri.

Sababu ni kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinazosimamiwa na Umoja wa Mataifa, ambazo zimeweka mpaka. Bidhaa ambayo watu wa nyumba wameizalisha kwa matumizi yao wenyewe huingia: mahindi na mihogo ya shamba letu hata isipofika sokoni, samaki aliyevuliwa kwa kitoweo cha nyumbani, kuni zilizookotwa, hata maji yaliyotekwa kisimani. Lakini huduma ambayo watu wa nyumba wanajifanyia wenyewe haiingii: kupika, kufagia, kufua, kulea watoto, kumuuguza mzee. Kwa hiyo binti aliyekwenda kisimani, kwa mujibu wa kanuni, amezalisha. Akiyatumia maji yale kumwogesha mdogo wake, hakuzalisha kitu.

Kuna huduma mbili za nyumbani zilizosamehewa. Ya kwanza ni nyumba yenyewe. Anayekaa katika nyumba yake hukadiriwa kodi ambayo angelilipa kama angelikuwa mpangaji, na kadirio hilo hutiwa katika hesabu. Ya pili ni mtumishi anayelipwa. Dada wa kazi akilipwa shilingi 90,000 kwa mwezi, 90,000 hizo ni sehemu ya pato. Basi mama akimwajiri dada huyo afanye kazi zile zile alizokuwa akizifanya mwenyewe, Pato la Taifa litapanda, ingawa sahani zilizooshwa hazikuzidi hata moja. Akimwachisha kazi na kushika ufagio mwenyewe, litashuka.

Hata madrasa zetu zimo katika mpaka huo. Mwalimu anayepewa posho huhesabiwa kwa posho yake. Mwalimu anayefundisha juzuu zile zile bila kulipwa chochote hahesabiwi.

Kwa nini wameacha?

Tusidhani kuwa waliosahau ni wajinga. Simon Kuznets, mtaalamu aliyetayarisha hesabu za mwanzo za pato la Marekani na kuziwasilisha katika Baraza la Seneti mwaka 1934, aliorodhesha waziwazi vitu alivyoviacha, na miongoni mwavyo ni huduma za akina mama wa nyumbani. Tatizo lililokuwapo, na lililopo hadi leo, ni bei. Andazi lililouzwa lina bei iliyotajwa na watu wawili waliokubaliana. Uji wa mtoto hauna.

Tujaribu wenyewe. Tuseme mama wetu hufanya kazi za nyumbani saa sita kila siku. Njia ya kwanza ni kuuliza: angelimlipa nani afanye badala yake? Dada wa 90,000 akifanya kazi saa kumi kwa siku, siku thelathini, analipwa shilingi 300 kwa saa. Saa sita ni shilingi 1,800. Njia ya pili ni kuuliza: saa hizo sita mama angelipata nini kama angelizitumia katika biashara yake? Katika maandazi alipata 7,000 kwa saa tano, yaani 1,400 kwa saa. Saa sita ni shilingi 8,400.

Mama ni mmoja, siku ni moja, na majibu ni 1,800 na 8,400. Zidisha tofauti hiyo kwa mamilioni ya nyumba, utaona kwa nini watakwimu wanaogopa kuitia ndani ya tarakimu ambayo serikali huitumia kupimia kodi na madeni. Wanachokifanya ni kuiweka kando, katika hesabu ya ziada. Kanuni mpya zilizopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2025 zinazihimiza nchi ziandae hesabu za namna hiyo, lakini kazi hizo zimebaki nje ya Pato la Taifa lenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu saa kabla ya shilingi. Watu huulizwa waeleze siku yao ilivyokwenda tangu asubuhi hadi usiku. Tanzania imeyatia maswali hayo katika utafiti wa nguvukazi, na Kenya ilikusanya takwimu zake mwaka 2021. Huko Kenya ilionekana kuwa muda wanaotumia wanawake katika kazi za nyumbani na malezi yasiyo na malipo ni karibu mara tano ya ule wa wanaume.

Biashara isiyo na risiti

Watu wengi hufikiri kuwa biashara isiyosajiliwa haimo katika Pato la Taifa. Sivyo. Kwa kanuni, zile shilingi 7,000 za maandazi zimo, hata kama mama hana leseni wala kitabu cha hesabu. Ugumu si ruhusa ya kuzihesabu, ugumu ni kuzijua.

Watakwimu hawawezi kumfuata kila muuza maandazi. Wanachukua sampuli ya nyumba, wanauliza nani anafanya kazi gani na nyumba inatumia nini. Wakishapata idadi ya watu walio katika biashara ndogo, wanaizidisha kwa wastani wa thamani anayoiongeza mtu mmoja. Kazi hiyo ni ya gharama, hivyo hufanywa kwa ukamilifu katika mwaka mmoja uliochaguliwa, unaoitwa mwaka wa kizio. Miaka inayofuata hukadiriwa kwa kusogeza mbele picha hiyo, kwa mfano kwa kufuata ongezeko la watu.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Picha ikizeeka, shughuli zilizozaliwa baada yake huonekana kidogo au hazionekani kabisa. Tanzania Bara ilipohama kutoka kizio cha 2001 kwenda kizio cha 2007, na kutangaza matokeo mwaka 2014, pato la mwaka 2007 lilionekana kuwa kubwa kwa karibu asilimia 28 kuliko lilivyoandikwa kabla. Mwaka huo huo wa 2014 Nijeria iliacha kizio cha 1990, na pato lake la 2013 likapanda kwa asilimia 89. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Watu walikuwa wakifanya kazi zao siku zote, na kilichobadilika ni daftari.

Mabadiliko hayo yana athari. Deni la nchi hupimwa kwa kulinganishwa na pato, na kodi vivyo hivyo. Daftari likikua ghafla, deni lile lile huonekana dogo, na kodi ile ile huonekana haitoshi. Basi mtu akisema kuwa kodi imeshuka kama sehemu ya pato, muulize kwanza: kizio kimebadilika?

Tusikieje tangazo?

Tukisikia kuwa pato limekua, tuulize maswali matatu. Je, mfumuko wa bei umeondolewa? Andazi likipanda kutoka 200 hadi 250, mama hakuchoma andazi la ziada. Je, idadi ya watu imekua kwa kasi gani? Pato likikua kwa asilimia tatu na watu kwa asilimia tatu, fungu la kila mtu limebaki pale pale. Na je, kazi imezidi, au imetoka tu ndani ya nyumba ikaenda sokoni?

Swali la tatu lina uzito kwetu. Wodi ikimruhusu mgonjwa mapema akauguzwe nyumbani, vitabu vya hospitali vitaonyesha gharama zimepungua. Gharama hizo hazikupotea. Zimehamia kwa mama, au kwa binti aliyekosa darasa lake, mahali ambapo daftari haliandiki kitu. Kazi yao isipokuwa na safu katika hesabu, hakuna mpangaji wa bajeti atakayeona kuwa imeongezeka.