Sahani ya Pili

Machi 1892, Anton Chekhov alimwandikia barua mwandishi Lidia Avilova kuhusu hadithi yake: wahusika wanalia, naye mwandishi anasikitika pamoja nao. Alimshauri azuie huruma yake, kwa kuwa uchungu huonekana vizuri zaidi pale msimulizi anapotulia.

Chukua rasimu inayosema: “Rehema alihuzunika mno kufiwa na mumewe.” Mhariri anakata “alihuzunika mno”, kisha anauliza pembeni: jioni ile Rehema alifanya nini?

Mwandishi anarudi na hili: “Rehema alipakua wali sahani mbili. Akaitazama ya pili, kisha akaurudisha wali chunguni.”

Mhariri anaukubali, ila anafuta nyongeza moja, “huku machozi yakimtiririka”. Sahani imeshaonyesha pengo. Machozi yangemwelekeza tena msomaji namna ya kuhisi.