Lebo ya Losheni Isomwe Kuanzia Mkiani

Orodha ya viambato nyuma ya chupa ya losheni hupangwa kwa uzito: kilichotiwa kwa wingi hutangulia, kilicho kidogo hufuata. Ndiyo maana losheni nyingi huanza na Aqua, yaani maji, kisha Glycerin au Paraffinum Liquidum, ambayo ni mafuta ya madini. Lakini utaratibu huo una kikomo. Viambato visivyofika asilimia 1 vinaruhusiwa kuandikwa kwa mfuatano wowote, na rangi huwekwa mwisho kabisa. Hapo ndipo wengi hupotea: wanaliona jina liko mkiani, wanadhani kitu hicho ni kidogo mno kuweza kudhuru.

Kwa muwasho wa kawaida dhana hiyo ina ukweli. Kiambato kikali huchoma kulingana na wingi wake na hali ya ngozi, na huchoma mapema, ndani ya dakika au saa chache. Mzio ni jambo jingine. Ni kinga ya mwili inayokitambua kitu fulani kama adui, na ikishakitambua, kiasi kidogo sana chatosha kuiamsha. Vipele, wekundu na mwasho huchelewa, mara nyingi siku 1 hadi 3 baada ya kupaka, kwa hiyo lawama huangukia chakula au sabuni mpya. Tena mzio unaweza kuanza kwa losheni ambayo mtu ameitumia miaka mingi bila shida.

Chukua lebo kama hii, ambayo mfano wake hupatikana dukani:

Aqua, Glycerin, Paraffinum Liquidum, Cetearyl Alcohol, Propylene Glycol, Phenoxyethanol, Parfum, DMDM Hydantoin, Linalool, CI 19140.

Alama ya kutafuta kwanza ni Phenoxyethanol. Hiki ni kihifadhi ambacho sheria za Ulaya zinakiwekea ukomo wa asilimia 1, na watengenezaji wengi hawauzidi. Kwa hiyo vinavyokifuata, kwa kawaida, navyo havizidi kiwango hicho. Mstari ukishapatikana, orodha inagawanyika sehemu mbili.

Juu ya mstari hutafutwa viwashaji. Cetearyl Alcohol hutisha kwa jina tu. Ni mafuta mazito ya kulainisha, na ni nadra kuleta mzio. Linalostahili tahadhari ni Alcohol Denat., spiriti inayokausha ngozi na kuchoma penye michubuko. Propylene Glycol nayo huweza kuchoma ngozi yenye ukurutu au nyufa, hasa ikiwa imekaribia mwanzo wa orodha.

Chini ya mstari hutafutwa vinavyoleta mzio, na Parfum ndiyo inayostahili kushukiwa kwanza. Neno hilo moja laweza kuficha makumi ya kemikali za harufu. Sheria za Ulaya hulazimisha baadhi yake kutajwa kwa majina, ndiyo sababu Linalool imeandikwa peke yake. Nyingine ni Limonene, Geraniol na Eugenol. Linalool na Limonene huzidi kuwa na uwezo wa kuleta mzio zinapokutana na hewa, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi muda mrefu si sawa na mpya. Harufu ya mimea haina msamaha: mafuta ya mchaichai au ya karafuu yana kemikali hizohizo.

DMDM Hydantoin ni kihifadhi kinachoachia formalini kidogo kidogo, na mwenye mzio wa formalini hukiepuka pamoja na ndugu zake Diazolidinyl Urea, Imidazolidinyl Urea na Quaternium-15. Hatari zaidi ni Methylisothiazolinone. Iliwapa watu wengi ukurutu hivi kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini kuanzia Februari 2017. Parabeni, zinazosemwa vibaya kila mahali, huleta mzio mara chache kuliko hizi.

Maneno ya mbele ya chupa, kama “kwa ngozi nyororo”, hayathibitishi kitu. Hata “haina harufu” huenda ikamaanisha tu kwamba manukato yametiwa kufunika harufu ya viambato vingine. Kama Parfum imo kwenye orodha, imo. Nayo orodha haisemi yote: krimu iliyopimwa kwenye kikopo kisicho na lebo haisomeki, na zebaki ya krimu za kujichubua aghalabu haiandikwi.

Losheni mpya hujaribiwa kwa kupaka sehemu ndogo ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara 2 kwa siku kwa siku 7 hadi 14, na kuacha mara ngozi inapobadilika. Ukurutu ukijirudia, daktari wa ngozi huweza kubandika viambato mgongoni kwa saa 48, kisha kuisoma ngozi tena siku ya 3 au ya 4. Mgonjwa aende na chupa zote anazotumia, za shampuu na sabuni zikiwemo, kwa kuwa jina likishajulikana litatafutwa katika kila mojawapo.